Wazazi Waliofia Karatasini

Tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, Mabwerebwere, Kilosa, chini ya tangazo la chanjo ya mbwa. Kambi moja ya watalii huko Mikumi ilitaka vijana wawili iwasomeshe upishi na huduma za wageni. Wangekaa bweni mwaka mmoja, chakula juu ya kambi, na wakifaulu wangeajiriwa. Cheti cha sekondari hakikutakiwa. Nilipofika hapo nilirudi kusoma kutoka juu. Watu walikuja nyuma yangu, nikawapisha, na walipoondoka nikasogea tena.

Mwombaji alitakiwa aandike maelezo yake kwa mkono, ukurasa mmoja, ajibu maswali matatu: umewahi kufanya kazi gani, kwa nini unataka kazi hii, na ni kitu gani kinaweza kukuzuia kumaliza mafunzo. Jina liwe kwenye karatasi ya pili. Mtendaji angeweka namba moja kwenye karatasi zote mbili na kuzitenganisha, ili atakayesoma maelezo asijue anamsoma nani.

Mimi nimeishia darasa la saba. Naandika, lakini naandika polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Maswali yenyewe niliyaelewa. Ila nilidhani kuna namna wakubwa wanavyotaka yajibiwe, na mimi siijui hiyo namna.

Kumbe si mimi peke yangu. Kwenye duka la kutoa kopi karibu na stendi nilikuta vijana wamejaa mlangoni. Mwenye duka alikuwa na sampuli. Miaka ya nyuma aliwahi kumwandikia kijana mmoja barua ya kuomba ufadhili wa mfuko wa kusaidia yatima, yule kijana akapata, na barua ikabaki kwenye kompyuta. Sasa alikuwa ameibadilisha kidogo ili ijibu maswali ya kambi, anaitoa kopi, na kila mtu anakwenda kuinakili kwao kwa mkono wake.

"Dogo, chukua hii," aliniambia. "Hii sampuli ina nyota. Usiguse hata nukta."

Niliisoma palepale, nimesimama. Mwanzo ilikuwa salamu. Halafu: *Mimi ni kijana mwenye bidii kama mchwa.* Halafu: *Tangu utotoni ndoto yangu imekuwa kuwahudumia wageni wa mataifa yote.* Chini kabisa, kwenye swali la tatu, yatima wa zamani alikuwa bado yupo: *Kwa kuwa nimefiwa na wazazi wote wawili, hakuna jambo lolote litakalonizuia kutimiza ndoto zangu.*

"Mama yangu yupo," nilisema, kwa sauti ndogo.

"Wa kwangu pia yupo, kaka," alijibu kijana mmoja mlangoni. "Yupo hapo sokoni anauza dagaa. Nitamfufua jibu likitoka."

Wakacheka. Mwenye duka hakucheka. "Sikiliza. Wanauliza nini kitakuzuia. Vijana huzuiwa na nini? Baba kasema rudi, mama kaumwa rudi. Wewe huna baba, huna mama, nani atakuita? Hapo umewamaliza. Wala hawatakuja kuhesabu makaburi."

Nilichukua kopi, nikaikunja mara nne.

Kwa baba ilikuwa kweli. Alifariki nikiwa darasa la pili. Dada yangu ameolewa Malolo na ana watoto wadogo watatu. Nyumbani tulikuwa mimi na mama, na mama alikuwa kitandani. Alipigwa kiharusi msimu wa kupanda, upande wa kushoto, na toka hapo hakuweza kujigeuza mwenyewe. Maneno yake yalibaki, lakini yalikuja moja moja. Akiumwa sana alilalamika kwa Kikaguru cha kwao Mamboya, na nilijua kwamba hapo haongei na mimi.

Nesi wa hospitali alinifundisha kabla hatujaruhusiwa. Mgonjwa asilale upande mmoja kwa muda mrefu. Asiburutwe, kwa sababu ngozi inachubuka, ainuliwe kwa shuka. Mto uwekwe katikati ya magoti, mwingine mgongoni ili asirudi. Nyonga na visigino vitazamwe kila siku; pakiwa pekundu na pasipopauka ukipabonyeza, hapo kidonda kimeanza njia. "Kazi hii ni ya watu wawili," alisema, "mmoja huku, mmoja huku." Aliniangalia, akatazama mlangoni kama kuna mwingine anakuja. Hakuja mtu. Basi akanionyesha jinsi mtu mmoja anavyoweza kuikunja shuka na kuivuta kuelekea kwake.

Kumwogesha alikuja jirani yetu, mama wa Kisukuma ambaye familia yake ilihamia kwetu na ng'ombe. Wenyeji wengine hawakuelewana nao kwa sababu ya mashamba, lakini mama aliwahi kumgawia mbegu mwaka wao wa kwanza, naye hakusahau. Kila akija alifunga mlango, akamwogesha, akatoka na beseni. Kugeuza ilikuwa kazi yangu, mchana na usiku. Mama hakupenda lizungumzwe. Mtoto wa kiume anamshika mama yake namna ile, kwetu ni jambo la ndani ya nyumba. Wageni wakija aliniambia nimwegemeze kwenye mito kabla sijafungua mlango, na shuka ivutwe hadi kifuani, aonekane kama mtu aliyejipumzisha tu.

Nilinakili sampuli jioni tatu. Nilikaa kwenye kigoda, karatasi juu ya sinia, mama amelala nyuma yangu. Salamu nikaandika. Mchwa nikaandika. Wageni wa mataifa yote nikaandika, ingawa utotoni sikuwa nimemwona mgeni wa taifa lolote ila kwenye dirisha la basi. Jioni ya tatu nikafika kwenye swali la mwisho. Niliandika *Kwa* na kalamu ikasimama.

Anayeandika haraka labda angepita. Maneno yangemtoka mkononi kabla hajayasikia. Mimi kila neno nalisema kwanza mdomoni, ndipo naliweka. Nilipojaribu kusema *nimefiwa*, nilimsikia mama anapumua nyuma yangu, pumzi zake zile zenye mkwaruzo. Kumtaja mtu aliye hai kwamba amekufa ni uchuro. Unamchuria. Tulikatazwa hata kulala na mikono kifuani. Na mimi nimtaje mama yangu marehemu, kwa wino, hatua moja kutoka kitanda chake?

"Unaandika nini... muda wote huo?" aliuliza.

"Maombi ya kazi, mama."

"Andika vizuri. Usikate kate."

Nilikuwa na karatasi ile moja tu safi. Nilikata lile *Kwa*, na mbele yake nikaandika kitu pekee nilichokijua kuhusu swali lile: *Mama yangu yupo hai, na nikipata nafasi hii sijui ni nani atakayemgeuza kitandani.*

Nikatia nukta. Sikujisikia jasiri. Nilijisikia kama mtu aliyeharibu karatasi. Asubuhi nilimpelekea mtendaji, akaandika namba juu, akaitupia kwenye boksi lenye zingine.

Yaliyotokea Mikumi sikuyaona. Nilikuja kuyasikia baadaye kwa mwalimu aliyesoma karatasi zetu, na nayaweka hapa kama alivyonieleza.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, mwenye miwani ya kusomea inayoning'inia shingoni. Kambi ilimwomba awe msomaji wa kwanza kwa sababu amesahihisha insha za watoto maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kuchagua kumi wa kuitwa. Boksi kutoka Kilosa lilichelewa, likafika jioni, na kikao kilikuwa asubuhi. Akaunganisha maelezo yetu na ya vijana wa Mikumi, akakaa mezani baada ya chakula cha usiku. Umeme ulikatika, akawasha taa ya sola. Nje malori ya barabara kuu yalikuwa yanapita yakikoroma.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anasoma rundo lote bila kalamu, ili ajue lina nini, ndipo anarudi kutoa alama. Ukitoa alama moja kwa moja, alisema, wa kwanza unawaonea kwa ukali na wa mwisho unawaonea kwa usingizi. Alama zilikuwa kwa kila swali peke yake: kuna kitu mtu huyu amefanya kweli, kuna sababu ambayo ni yake, na anakijua kikwazo chake. "Mwanzo sisomi sana," aliniambia. "Mwanzo ni shikamoo. Mwisho ni kwaheri. Mtu anakaa katikati."

Lakini usiku ule katikati hapakuwa na mtu. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mchwa, akatabasamu. Ya pili ilikuwa na mchwa. Kufikia ya tano alijua kuna sampuli inazunguka, na imefika hata Mikumi. Aliendelea kwa sababu huwezi kumhukumu mtu kwa karatasi ya mwenzake. Karibu wote walikuwa na ndoto ileile tangu utotoni. Karibu wote walikuwa wamefiwa na wazazi wote wawili. Karatasi moja ilikuwa na mwandiko alioujua, wa mtoto aliyemfundisha mwenyewe. Hiyo aliiweka pembeni isomwe na mtu mwingine, maana namba haifichi kitu kwa anayeujua mwandiko.

"Na baba yake," aliniambia, "alikuwa amenipimia nyanya jioni ileile. Akaniongezea mbili. Nikifungua karatasi namkuta marehemu! Usiku ule, mwanangu, nilizika kata mbili nzima."

Alisema hivyo akicheka, halafu hakucheka tena. Aliniambia kilichomuumiza si uongo. Watoto wale hawakuulizwa kama ni yatima. Waliulizwa habari zao wenyewe, na wote waliona habari zao hazitoshi.

Karatasi yangu ilikuwa mbali ndani ya rundo. Kufikia hapo alikuwa anamalizia kila sentensi kichwani kabla jicho halijafika. Alisoma *Kwa* na kichwa chake kikasema peke yake, kuwa nimefiwa na wazazi wote wawili. Jicho likagonga *Mama yangu yupo hai*. Alidhani amesinzia. Akarudi nyuma, akavaa miwani vizuri, akasogeza taa. Aliona kwamba neno *Kwa* limekatwa, na kwamba mstari uliofuata umekandamizwa hadi karatasi imetokeza vialama upande wa pili. Akapapasa vile vialama kwa kidole.

"Nilinyanyuka nikaenda kunywa maji," alisema.

Kisha akarudi kutoa alama, na hapo pakawa pagumu. Swali la kwanza nilikuwa nimenakili: sifuri. La pili nimenakili: sifuri. La tatu akanipa alama zote. Jumla yake haikufika popote. Walikuwepo vijana wachache ambao hawakufuata sampuli, mmoja ameosha vyombo hotelini, mmoja amefanya kazi ya saluni, na hao walistahili kunipita. Angeweza kunibadilishia sifuri moja. Hakuna ambaye angejua. Hakufanya hivyo. Badala yake aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *Huyu aitwe aandike upya mbele yetu.*

Kwenye kikao msimamizi wa kambi, kijana wa mjini mwenye haraka, aliipinga karatasi yangu. Alisema huyu kwanza amenakili, pili anatuambia mapema kwamba atatoroka. Mwalimu akajibu kwamba karibu rundo zima limenakiliwa, na kwamba hao wote wasiokuwa na kizuizi chochote ndio angewaogopa yeye. Alitaka waitwe wote waandike tena. Msimamizi alisema muda hakuna. Wakakubaliana kumi, na mimi wa kumi na moja.

Nilipigiwa kupitia simu ya jirani. Ilibidi nimweleze kwa nini naitwa, maana yeye ndiye angebaki na mama siku nzima. Nikamweleza pia nilichoandika. Alinisikiliza huku akimkuna mbwa wao kichwani.

"Nenda, mwanangu. Mimi nitamgeuza. Ng'ombe nawageuza, sembuse mama yako."

Mama nilimwambia tu kwamba nimeitwa kwenye usaili. Alifurahi. Alinituma nichukue shati la baba kwenye sanduku, akataka nilivae mbele yake.

Mikumi walituweka darasani, kila mmoja na dawati lake, simu nje. Mwalimu aliandika maswali yaleyale matatu ubaoni. Tulimwamkia, shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba, na akasema, "Leo sitaki mchwa." Vijana wakaangaliana. Kwa muda hakuna aliyeandika. Halafu mmoja akanyoosha mkono, kwa adabu kabisa.

"Samahani, mwalimu. Wazazi tuwaandike tena?"

"Kama wamekufa kweli, waandike."

Akashusha mkono, akainamia karatasi, na niliona masikio yake yamebadilika rangi.

Mimi niliandika mistari mitano. Wenzangu walifika nyuma ya karatasi. Niliandika kwamba nimepika uji wa mtu mmoja kila siku tangu mama augue, na kwamba najua kuupika usiwe na madonge kwa sababu akipaliwa ni hatari. Niliandika kwamba nafua shuka. Niliandika kwamba kazi hii naitaka kwa sababu haya ndiyo ninayoyaweza, na huko kuna mshahara. Swali la tatu nilirudia sentensi ileile, maana hakuna kilichokuwa kimebadilika.

Msimamizi alikuwa anapita kati ya madawati. Alisimama juu yangu.

"Kwa huyu, mgeni akiagiza chai asubuhi, ataipata jioni."

"Lakini itakuwa chai," mwalimu alisema, bila kuinua kichwa.

Tulingoja chini ya upenu wa darasa. Mchana aliniita peke yangu. Karatasi zangu zote mbili zilikuwa mezani.

"Tumekupa nafasi ya pili," alisema. "Ya kwanza amepata yule binti wa kuosha vyombo. Usishukuru bado. Kaa."

Nikakaa.

"Mafunzo ni bweni. Ruhusa ya kwenda nyumbani ni mwisho wa mwezi, na hiyo si mimi niliyepanga. Umeandika *sijui*. Ndilo neno la kweli kuliko yote niliyosoma, lakini mtu hawezi kwenda nalo bweni. Nafasi yako nitaishikilia hadi Jumatatu. Nenda ukajue, unipigie."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na leo nani yuko naye?"

"Jirani."

"Mkono wake ni mwepesi kwa mgonjwa?"

Sikuwahi kumwona akigeuza. Alikuwa anafunga mlango.

Gari lilichelewa kuondoka, nikafika Kilosa giza limeingia. Jirani alikuwa amekaa nje ya mlango wetu, beseni miguuni.

"Amenikatalia," alisema kabla sijamsalimu. "Uji amekunywa. Kumgusa amekataa. Nimebembeleza, baba, hadi kwa lugha ya kwetu nimebembeleza."

"Kwa nini?"

Akalisogeza beseni. "Mimi sikujua ni siri. Nilimwambia tu, mwanao ameandika kule kwamba hakuna wa kukugeuza, basi mimi nipo. Akaufumba mdomo. Mpaka sasa."

Niliingia. Mama alikuwa amelala kama nilivyomwacha asubuhi, upande uleule wa kulia, macho ukutani. Niliwasha taa, nikaikunja shuka, nikamvuta taratibu. Hakulia. Nyongani palikuwa pekundu, pana kama kiganja cha mtoto. Nikapabonyeza kwa kidole kama nesi alivyonifundisha. Hapakupauka.

"Umenipeleka Mikumi," alisema. Maneno yalimtoka moja moja, na kila moja nilikuwa na muda wa kulisikia. "Umenipeleka... nimelala. Watu wasionijua... wananiona nimelala."

"Mama, waliuliza."

"Wenzako... wameandika nini?"

Nikamwambia. Sikuwa na uongo mwingine. Nilimwambia wenzangu waliandika kwamba wazazi wao wamekufa.

Nje nilimsikia jirani anainua beseni lake na kuondoka.

"Ungeandika... nimekufa," mama alisema. "Marehemu... hageuzwi na mwanaye wa kiume. Marehemu ana heshima yake."

"Ni uchuro, mama."

"Uchuro!" Upande wa mdomo wake uliobaki hai ulijikunja, sikujua ni kicheko au nini. "Uchuro gani tena... baba? Umebaki upi?"

Usiku ule nilimgeuza kama kawaida. Hakunisaidia hata kwa ule mkono mzima. Alijiachia, mzito, kama gunia.

Siku zilizofuata nilijaribu kujua. Nilimpigia dada Malolo. Alilia kwenye simu, akasema mumewe hawezi kumruhusu mwaka mzima na watoto wale. Jirani alisema mchana anaweza, mama akikubali, lakini usiku ana wanaye, na kiangazi kikianza watahama na mifugo kufuata malisho. Mama mwenyewe alisema niende. Alisema kila nilipomletea uji. "Nenda. Nitajigeuza." Na alijaribu. Jumapili nilisikia kishindo cha kitanda, nikakimbia, nikamkuta ameng'ang'ania ukingo kwa mkono wa kulia, jasho linamtoka, mwili haujasogea hata inchi. Hakuniangalia. Pale pekundu nyongani palikuwa pameanza kutoa maji.

Jumatatu niliazima simu.

"Mwalimu, shikamoo. Bado sijui."

Upande wa pili palikuwa na kelele za watoto walio mapumzikoni. Kisha palitulia, nadhani alifunga mlango.

"Marahaba," alisema. "Haya, mwanangu. Asante kwa kuniambia mapema."

Nafasi yangu ilichukuliwa na aliyefuata. Ni kijana wa Mabwerebwere, yule aliyeuliza kama wazazi waandikwe tena. Sina kinyongo naye. Siku ya kuondoka mama yake alimsindikiza hadi stendi na kapu la karanga kichwani, na walipopita kwetu yule kijana aliniita dirishani. "Dogo, utamsalimia mama!" Nikasema nitamsalimia.

Kidonda nilikisafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali. Kilikuwa kinapungua, halafu kinarudi. Mama aliongea nami mambo ya lazima tu: maji, uji, mlango. Kubaki kwangu kwa ajili yake hakukupunguza hasira yake. Nadhani kuliizidisha.

Mwalimu alikuja mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa ameitwa Kilosa, ofisi ya elimu, na akauliza njia hadi akafika. Sikuwa na muda wa kumwegemeza mama kwenye mito, maana mlango ulikuwa wazi kwa joto na alibisha hodi tayari yuko kizingitini. Nilimwona mama anavuta shuka kwa ule mkono mmoja. Haikufika kifuani.

Walisalimiana. Nilimpa mgeni kigoda, nikamchemshia chai, nikachelewa kama kawaida yangu. Ni hapo aliponieleza habari za usiku ule, mchwa na nyanya na kata mbili alizozizika, na mama alikuwa anasikiliza akitazama dari. Nilidhani hasikilizi.

"Wewe ndiye... uliyeisoma?" mama aliuliza ghafla.

"Ndiyo, dada yangu. Ni mimi."

"Wangapi wengine?"

"Msimamizi mmoja. Yeye ameshasahau."

"Inasemaje? Huyu... hajanisomea."

Mwalimu hakutoa karatasi. Aliisema kwa kichwa, taratibu, kwa sauti ya kusomea watoto imla. "Mama yangu yupo hai, na nikipata nafasi hii sijui ni nani atakayemgeuza kitandani."

Nilitazama chini. Chai niliyokuwa namimina ilikuwa inafurika kikombeni.

"Imeanza na... yupo hai," mama alisema.

"Ndivyo ilivyoanza."

Mama alifumba macho. Nilifikiri amelala, na mwalimu naye nadhani alifikiri hivyo, kwa sababu alianza kutafuta mkoba wake. Nje jirani alikuwa anawaita ng'ombe, maana walikuwa wanahama asubuhi yake.

"Hakuandika... kwamba mikono yake ni ya baridi," mama alisema, macho bado yamefumbwa. "Kama chura." Halafu akaniita, jina la utotoni ambalo hakuwa ameliita tangu niliporudi kutoka Mikumi. "Njoo. Muda umefika. Nigeuze."

Niliangalia mlango. Niliangalia mgeni. Mama hakusema nifunge.

Nikaenda upande wangu wa kila siku, nikaanza kuikunja shuka kuelekea kwangu. Mwalimu akavua miwani shingoni, akaiweka juu ya kigoda, akazunguka kitanda na kushika upande wa pili.